Jina moja, tahajia tatu: maswali ya watu wa Mwanza kabla ya kuomba pasipoti, chuo au mkopo

Ninawasaidia watu kujaza maombi hapa Mwanza: ya pasipoti, ya vyuo, ya mkopo wa elimu ya juu. Wengi hufika mezani wakiwa na nyaraka zote, fedha wanazo, na tarehe ya mwisho iko karibu. Kinachowakwamisha ni herufi moja au mbili. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, na kitambulisho cha taifa kina cha kwake. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila msimu, na nimeyajibu kwa kutumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili mtu aone hatua zinavyofuatana.

Kwa nini tatizo hili ni kubwa sana huku Kanda ya Ziwa?

Kwa sababu majina yetu yana sauti ambazo anayeandika huenda hazijui. Chukua jina Ng'wandu. Msukuma akilitamka, karani aliyetoka mkoa mwingine anaweza kuandika Ngwandu bila alama ya juu, au Mwandu, kwa kuwa ndivyo sikio lake lilivyozoea. Karani hakukusudia kukosea. Ndivyo ilivyo pia kwa Ng'washi, Ng'hwani na majina mengine mengi yanayoanza hivyo.

Halafu kuna L na R. Mzazi anasema "Lehema", mwalimu anaandika Rehema. Siku nyingine mzazi yule yule anakwenda kujiandikisha mwenyewe, karani anaandika kama alivyosikia, Lehema. Kuna na majina ya ubatizo yenye sura mbili: Yohana na John, Petro na Peter, Elizabeti na Elizabeth. Nyumbani ni jina moja, lakini kwenye kompyuta ni watu wawili.

La mwisho ni jina la tatu. Familia moja huweka jina la babu, nyingine jina la ukoo, na katika familia hiyo hiyo mtoto wa kwanza anaandikishwa kwa babu na wa pili kwa ukoo. Mapacha Kulwa na Doto nao mara nyingi wana jina la shule tofauti na la nyumbani, na cheti cha ubatizo kinabeba moja tu kati ya hayo.

Nyaraka zangu hazilingani. Nianze kurekebisha ipi?

Anza kwa kuuliza ipi ni ngumu kuliko zote kubadilika, kisha zilizobaki uzivute ziifuate hiyo. Kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne, iliyo ngumu ni cheti cha Baraza la Mitihani, yaani NECTA. Jina lililo kwenye cheti hicho ndilo shule ilimsajilia kabla ya mtihani, na ndilo lililofuata hadi kidato cha sita na chuo. Bodi ya Mikopo inapokutaka uanze ombi kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, jina linaloletwa ni hilo hilo la NECTA. Chuo nacho kikikusajili kwa jina hilo, stashahada au shahada itatoka nalo.

Watu wengi hufanya kinyume. Wanachukua cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndicho cha kwanza maishani, wanatengeneza NIDA na pasipoti zifanane nacho, kisha wanagundua kwamba vyeti vyote vya shule viko peke yake upande wa pili. Hapo pasipoti ni safi, kitambulisho ni safi, na hakuna hata cheti kimoja cha elimu kinachofanana navyo. Kama unatafuta chuo au kazi, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Utaratibu ninaoushauri kwa aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne ni huu: jina la NECTA libaki kama nguzo. Kisha cheti cha kuzaliwa kirekebishwe kama kina kosa la uandishi, au kiambatanishwe na hati kama tofauti ni ya jina lenyewe. Kisha NIDA. Pasipoti iwe ya mwisho kabisa.

Kwa nini pasipoti iwe ya mwisho?

Kwa sababu inazifuata taarifa za NIDA. Ombi la pasipoti ya kielektroniki linataka namba ya kitambulisho cha taifa, na afisa wa Uhamiaji analinganisha ulichojaza na kilicho NIDA na kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukiomba pasipoti wakati NIDA bado inasema Lehema, moja kati ya mambo mawili yatatokea: ombi litakwama, au litapita na utakabidhiwa kitabu chenye Lehema.

La pili ndilo la gharama. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Haisahihishwi kwa kalamu wala muhuri, maana jina limechapwa kwenye ukurasa na limehifadhiwa ndani ya kitabu chenyewe. Kubadilisha jina ni kuomba kitabu kingine.

Tuoneshe kwa mfano.

Tuseme kuna binti wa Sengerema. Anazo nyaraka nne, na hivi ndivyo zinavyosomeka:

Cheti cha kuzaliwa: Rehema Luhende Ng'wandu
Cheti cha kidato cha nne: Rehema Luhende Mwandu
Stashahada ya uuguzi: Rehema Luhende Mwandu
NIDA: Lehema Luhende Ngwandu

Anataka pasipoti ili aombe kusoma nje. Pasipoti bado hana, na kwa kweli hiyo ni nafuu yake.

Jambo la kwanza ni kuziweka nyaraka zote juu ya meza na kuandika majina kwenye karatasi, mstari chini ya mstari, herufi kwa herufi, kama nilivyofanya hapo juu. Usitegemee kumbukumbu. Wapo wanaoapa kwamba nyaraka zao zinafanana, na tukiziandika hivi wanaona wenyewe kwamba jina la kati kwenye kitambulisho limeruka herufi. Katika karatasi hiyo hiyo andika tarehe ya kuzaliwa ya kila waraka, pamoja na majina ya baba na mama yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Sasa tunaona kwamba Rehema ana matatizo ya aina mbili. Lehema badala ya Rehema ni kosa la uandishi lililoko NIDA peke yake, maana nyaraka nyingine tatu zinamuunga mkono. Lakini Ng'wandu na Mwandu ni suala lingine. Cheti cha kuzaliwa hakijakosea: babu yake kweli ni Ng'wandu, na baba yake anaitwa Luhende Ng'wandu kwenye nyaraka zake zote. Shule ndiyo iliyoandika Mwandu, na Mwandu ndilo jina lililobeba elimu yake yote. Hapa hakuna herufi ya kusahihisha. Kuna majina mawili, na inabidi achague moja kisheria.

Nguzo yake ni NECTA, kwa hiyo anachagua Mwandu. Anakwenda kwa wakili kuandaa hati ya kubadili jina, inayosema kwamba anaacha kutumia Ng'wandu na anatwaa Mwandu kwa matumizi yote. Hati hiyo inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa ofisi za Ardhi. Baada ya usajili ndipo anakwenda NIDA katika wilaya yake akiwa na hati, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na stashahada. Anaomba mabadiliko yote kwa pamoja: Lehema kuwa Rehema, Ngwandu kuwa Mwandu. Anasubiri mpaka taarifa zibadilike kweli kwenye mfumo. Hapo ndipo anafungua ombi la pasipoti.

Cheti chake cha kuzaliwa kitabaki na Ng'wandu. Si tatizo, mradi hati iliyosajiliwa isafiri nacho popote kinapokwenda. Atakapofika Uhamiaji ataombwa pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha mzazi, na afisa atauliza kwa nini baba ni Ng'wandu na binti ni Mwandu. Jibu liko kwenye hati hiyo.

Wakili aliniambia kiapo kinatosha. Si ndivyo?

Inategemea unakipeleka wapi. Kiapo cha majina kinaeleza kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Hakibadilishi jina lolote popote. Kinamfaa mtu anayesoma faili lako kwa macho: afisa udahili wa chuo, mwajiri, karani wa benki. Yeye akiona Elizabeti huku na Elizabeth kule, anasoma kiapo, anaridhika, anaendelea.

Mfumo wa kompyuta hausomi kiapo. Ukiingiza namba ya NIDA na jina la kidato cha nne, mfumo unalinganisha herufi, na zikipishana unakukatalia, hata kama kiapo kizuri kimelala kwenye bahasha. Hapo ndipo watu hulalamika kwamba wametapeliwa na wakili, na mara nyingi wakili hakuwatapeli. Walinunua waraka sahihi kwa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo jiulize: tofauti yangu ni ya tahajia ya jina lile lile, au ni jina jingine? Na anayekagua ni mtu au mfumo? Tahajia ndogo na anayekagua ni mtu, kiapo kinatosha. Jina jingine kabisa, au kama unataka NIDA na pasipoti zibadilike, andaa hati ya kubadili jina na uisajili.

Kiapo kizuri kinaandikwaje?

Kinataja kila sura ya jina lako na waraka inapopatikana, na kusema utatumia lipi kuanzia sasa. Viapo vingi ninavyoletewa ni vya jumla mno: "majina yangu yanatofautiana lakini ni mimi". Hicho hakimsaidii msomaji. Linganisha na hiki:

"Mimi, Rehema Luhende Mwandu, mtu mzima, mkazi wa Sengerema mkoani Mwanza, naapa na kueleza kama ifuatavyo: Kwamba katika cheti changu cha kidato cha nne na stashahada yangu nimeandikwa Rehema Luhende Mwandu. Kwamba katika cheti changu cha kuzaliwa nimeandikwa Rehema Luhende Ng'wandu. Kwamba katika kitambulisho changu cha taifa nimeandikwa Lehema Luhende Ngwandu. Kwamba majina hayo yote ni yangu mimi mwenyewe na si ya mtu mwingine..."

Baada ya hapo ziwekwe namba za vyeti hivyo. Namba ndizo zinazokifunga kiapo na nyaraka zako, maana Mwandu wako wengi. Usitie saini nyumbani. Unasaini mbele ya Kamishna wa Viapo au hakimu, naye anaandika mahali na tarehe ulipoapa, anasaini na kugonga muhuri. Kikiwa na saini yako tu bila sehemu yake kujazwa, hicho ni karatasi ya kawaida. Kama unakipeleka nje ya nchi, mwombe wakili akiandae kwa Kiingereza tangu mwanzo, usije ukahitaji kutafuta mtafsiri baadaye.

Kuapa uongo ni kosa la jinai. Nasema hivyo kwa sababu kuna wanaotaka kuapa kwamba cheti cha ndugu au cha rafiki ni chao kwa sura nyingine ya jina. Huo si urekebishaji wa jina.

Cheti changu cha kuzaliwa kimekosewa. RITA wanakirekebisha?

Kosa la uandishi wanarekebisha, ukiwa na ushahidi wa jina sahihi. Unaanzia ofisi ya msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, iliyo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Beba cheti halisi, cheti cha ubatizo kama unacho, kadi ya kliniki au tangazo la kizazi, cheti cha shule ya msingi, na vitambulisho vya wazazi. Ushahidi wa zamani una uzito kuliko wa juzi. Kadi ya kliniki iliyoandikwa ulipokuwa mchanga inasema mengi kuliko barua ya serikali ya mtaa iliyoandikwa wiki hii.

Angalia na sehemu ya wazazi. Jina la mama likikosewa kwenye cheti chako halitakusumbua siku ya kuomba chuo, lakini litakusumbua siku ya kuomba pasipoti, utakapotakiwa kuleta nyaraka za mzazi.

Kuna jambo moja watu hulichanganya. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, ule unaofanywa na waombaji wa mkopo, unathibitisha kwamba cheti chako kimo kwenye daftari la RITA na si cha kughushi. Hauangalii kama jina lililomo linafanana na la NECTA. Unaweza kupata jibu kwamba cheti kimehakikiwa, na bado ukakwama kwenye majina.

Na cheti cha NECTA, hakirekebishwi hata kidogo?

Muda mzuri wa kurekebisha ni kabla ya mtihani, jina likiwa bado mikononi mwa shule. Ndiyo maana ninawaambia wazazi wasisubiri kidato cha nne kifike. Mtoto akiwa darasa la sita au kidato cha pili, nenda shuleni na nakala ya cheti cha kuzaliwa, mwombe mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma akuoneshe jina lilivyo kwenye usajili wa mitihani. Lisome kwa macho yako. Usiridhike kuambiwa "liko sawa". Jina la darasa la saba ndilo linalopelekwa sekondari, na lisiposahihishwa hapo linaendelea.

Mtihani ukishafanyika na cheti kikatoka, ninashauri mtu apange mambo yake kana kwamba cheti hicho hakitaguswa. Kama shule ilikosea kunakili na kumbukumbu zake za usajili zinaonesha hivyo, pitia kwa mkuu wa shule aandike kwa Baraza. Lakini usiweke ratiba ya safari ukitegemea jibu hilo.

Cheti cha kumaliza shule, kile ambacho shule yenyewe inatoa, ni jambo dogo. Mkuu wa shule anaweza kukiandika upya kifanane na cha Baraza.

Alama ya juu kwenye Ng' inaleta shida kwenye pasipoti?

Si shida, ila lazima uijue. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na alama inayosomwa na mashine uwanja wa ndege. Kwa kanuni za kimataifa za pasipoti, alama ya juu ya Ng' haiandikwi kwenye mistari hiyo. Herufi zinaunganishwa tu. Ng'wandu linasomeka hivi:

```
NGWANDU<<REHEMA<LUHENDE
```

Jina la ukoo linatangulia, linafuatwa na alama mbili, kisha majina mengine. Kistari cha kuunganisha majina, kama Anna-Maria, nacho hakibaki. Mahali pake huwekwa alama ile ile inayotenganisha majina.

Kwa hiyo ukikata tiketi ya ndege, andika NGWANDU bila alama. Na kama cheti chako kina Ng'wandu na kitambulisho kina Ngwandu, usiingie gharama za hati ya kubadili jina kwa ajili ya alama hiyo peke yake. Kiapo kinatosha, na ofisi nyingi hata hicho hazitakiomba. Ninasikitika nikiona mzazi wa Magu au Kwimba ameuza mbuzi kwa ajili ya alama isiyosomwa na mashine.

Pasipoti inataka jina la ukoo na majina mengine. Mimi nina majina matatu tu. Yagawanyweje?

Jina la tatu linakwenda kwenye `Surname`, la kwanza na la pili kwenye `Given Names`, kwa mpangilio ule ule wa cheti. Kosa linalotokea ni mtu kuandika jina la baba, ambalo ni la kati, kama jina la ukoo, kisha la tatu likakaa katikati. Pasipoti ikitoka hivyo, kila fomu ya chuo cha nje itakuwa na mpangilio mmoja na vyeti vina mwingine.

Kwenye vyeti vya zamani jina la kati mara nyingi limeandikwa kwa herufi moja: Rehema L. Mwandu. Hiyo si tofauti ya jina. Ikiulizwa, kiapo kinaeleza L ni Luhende.

Nimeolewa na natumia jina la mume. Nifanyeje?

Cheti cha ndoa ndicho kinachounganisha jina la zamani na jipya. Lakini vyeti vyako vya shule havitabadilika. Kama bado unasoma au unaomba kusoma, ningekushauri ubaki na jina la vyeti kwenye NIDA na pasipoti mpaka umalize. Hakuna anayekulazimisha kubadili kwa kuwa umeolewa.

Nimebatizwa ukubwani, au nimesilimu, nimepata jina jipya. Cheti cha ubatizo au cha kusilimu kinatosha?

Hapana. Vyeti hivyo vinathibitisha imani. Jina la kwanza likibadilika kabisa, hiyo ni hati ya kubadili jina na usajili wake, kisha NIDA.

Pasipoti tayari ninayo, na haifanani na vyeti. Nifute safari?

Usiharakishe kufuta. Angalia kwanza ukubwa wa tofauti. Chuo cha nje kinaposajili mwanafunzi kinafuata pasipoti, kwa kuwa viza na tiketi vinafuata pasipoti. Jaza fomu kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi. Fomu nyingi zina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Hapo ndipo unapoandika jina la vyeti. Ambatisha kiapo, na kiandikie chuo kabla hujatuma ukieleza tofauti kwa sentensi mbili au tatu. Vyuo vimezoea hili. Wanachotaka ni maelezo yanayokuja pamoja na ombi, kabla wao hawajagundua wenyewe.

Kama tofauti ni ya jina zima, au herufi ya kwanza ya jina la ukoo si ile, na bado una miezi kabla ya muhula, ni bora urekebishe NIDA na uombe kitabu kipya. Kama kitabu cha sasa kina viza ambayo bado ina muda, uliza ubalozi uliokupa kabla ya kukirudisha Uhamiaji.

Tarehe ya kuzaliwa nayo haifanani. Nishughulike nayo pamoja na jina?

Ndiyo, tena itangulize. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisome sasa hivi na ulinganishe na cheti cha kuzaliwa. Tofauti ya tarehe inachunguzwa kwa ukali kuliko ya jina, kwa sababu inagusa umri wa ajira na wa kustaafu, na kiapo peke yake ni mara chache kikubalike. Hapo ushahidi wa zamani ndio unaokubeba.

Natoka Ukerewe. Nawezaje kufanya mambo haya bila kuvuka mara nyingi?

Malizia Nansio yale yanayofanyika wilayani: msajili wa vizazi, NIDA, na kiapo mbele ya hakimu. Vuka kuja Mwanza ukiwa na kazi mbili tu: hati ya kubadili jina na usajili wake, na baadaye pasipoti. Kabla hujapanda meli mpigie wakili, mtumie picha za nyaraka zote ili rasimu iwe tayari ukifika. Isome rasimu herufi kwa herufi kabla hujasaini. Nimewahi kuona hati ya kubadili jina iliyokosea jina jipya lenyewe, na mwenye nayo aligundua akiwa kwenye dirisha la NIDA.

Beba vyeti halisi na nakala za kutosha za kila kimoja. Ofisi itabaki na nakala. Cheti halisi kirudi nawe siku hiyo hiyo.

Kuna mtu ananiambia atanibadilishia jina "kwenye mfumo" kwa siku moja.

Huyo ni kishoka. Hata kama jina litabadilika, litakuwa limebadilika bila waraka nyuma yake, na siku Uhamiaji au mwajiri atakapouliza msingi wa mabadiliko hutakuwa na cha kuonesha. Vivyo hivyo usikubali mtu aguse cheti chako kwa kalamu, wembe au dawa ya kufutia, hata kwa herufi moja. Cheti kilichochezewa ni cha kughushi, haijalishi kwamba herufi uliyoiweka ndiyo sahihi.

Nikishabadilisha NIDA, nani mwingine nimjulishe?

Benki, mtandao wa simu ulikosajili laini, mamlaka ya kodi kama una namba ya mlipakodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya. Anza na mfuko wa hifadhi ya jamii kama umeajiriwa. Benki itakuita yenyewe muamala ukikwama, lakini michango iliyogawanyika katika majina mawili huonekana miaka mingi baadaye, mtu akiwa anadai mafao.

Nianze lini?

Dirisha la mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na hapo ndipo foleni za vyeti vya kuzaliwa na za NIDA hujaa. Anayemaliza kidato cha sita mwezi Mei aanze kulinganisha majina yake mwezi Januari, akiwa bado shuleni ambako mwalimu wa taaluma anapatikana kila siku. Kwa pasipoti, usiweke miadi ya ubalozi wala usilipe tiketi mpaka umeona kwa macho kwamba NIDA imebadilika. Omba uchapishiwe taarifa zako au uoneshwe kwenye kompyuta, na umuoneshe afisa ile karatasi uliyoandika majina mstari chini ya mstari.